Sako asilimia 12, benki asilimia 10: mwalimu wa Malindi achukue mkopo upi?

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Nina kiwanja Ganda, na kuta za nyumba zimefika kwenye linta. Nahitaji shilingi 400,000 za kuezeka na kumalizia, na ningependa mabati yawe juu kabla ya masika. Mshahara wangu wa msingi ni 45,000. Pamoja na marupurupu ni 58,000, na baada ya makato yote, pamoja na 4,000 ninazoweka katika sako yetu, hubaki kama 40,000 mkononi. Akiba yangu katika sako imefika 150,000, na mwaka jana ililipwa asilimia 7. Sako itanikopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi, miezi 48, lakini inataka wadhamini wanne na inakata 4,000 za ada na bima. Wanasema itachukua wiki nne. Benki inanipa kiasi hicho kwa asilimia 10 kwa mwaka, bila mdhamini, ndani ya siku tatu: rejesho ni 11,667 kwa miezi 48, na watakata ada na ushuru wake 14,400 pamoja na bima 6,000. Wenzangu ofisini wananishangaa kwa nini nafikiria sako yenye asilimia 12. Wengine wananiambia nijitoe kabisa sako, nichukue akiba yangu, kisha benki inikopeshe 250,000 tu. Nishike lipi?

Mwalimu, Malindi

---

Mwalimu,

Nakushukuru kwa kuandika tarakimu zote, hata za ada, kwa sababu jibu limo ndani ya tarakimu hizo na halimo katika asilimia mbili ambazo wenzako wanazilinganisha. Asilimia 12 ya sako na asilimia 10 ya benki hazipimi kitu kimoja. Ya sako inapigwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, ilhali ya benki, kwa jinsi ulivyoandikiwa rejesho lake, imepigwa juu ya shilingi 400,000 zote kwa miaka yote minne, kana kwamba hutarudisha hata shilingi moja mpaka siku ya mwisho. Unaweza kulihakikisha hilo mwenyewe kwa kalamu: asilimia 10 ya 400,000 ni 40,000 kwa mwaka, mara miaka minne ni 160,000, ukijumlisha na mkopo unapata 560,000, na ukigawanya kwa miezi 48 unapata 11,667, ambayo ndiyo tarakimu uliyopewa.

Sasa angalia kinachotokea ndani ya marejesho hayo. Kila mwezi benki inahesabu 8,333 kuwa ni kupunguza deni na 3,333 kuwa ni riba, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho bila mabadiliko. Mwezi wa kwanza si mbaya, kwa kuwa deni lako ni 400,000 kweli. Mwezi wa 24, umekwisha kurudisha nusu, lakini riba ni ileile 3,333. Ukifika mwezi wa 48, deni lililobaki ni 8,333 peke yake, na bado unatozwa riba ya 3,333 kwa kukaa nalo siku thelathini. Hapo ndipo asilimia 10 inapopoteza maana. Ukiuliza ni riba gani, ikipigwa juu ya salio linalopungua, itakayozaa rejesho la 11,667 kwa miezi 48, jibu ni takriban asilimia 17.6 kwa mwaka. Kisha kumbuka kwamba hutapokea 400,000. Ukiondoa 14,400 na 6,000, zitakazoingia mkononi mwako ni 379,600, na kwa fedha hizo ulizopokea hasa, gharama ya mkopo inapanda kupita asilimia 20 kwa mwaka.

Kwa upande wa sako, mwezi wa kwanza unalipa riba ya 4,000, ambayo ni kubwa kuliko ya benki, na nadhani ndiyo inayowatisha wenzako wanapoiona katika hati ya mshahara. Lakini rejesho zima ni kama 10,534, kwa hiyo 6,534 zimekwenda kupunguza deni, na mwezi wa pili riba inapigwa juu ya 393,466, ikawa 3,935. Inashuka hivyo kila mwezi, na mwezi wa mwisho riba haizidi shilingi 105. Kwa miaka minne utalipa riba ya karibu 105,600, na ukiongeza 4,000 za ada na bima, gharama yote ni kama 109,600. Ya benki ni 160,000 za riba na 20,400 za ada na bima, yaani 180,400. Tofauti inapita 70,000, na kwa bei yoyote ile ya mabati hiyo ni fedha ya kuezekea sehemu nzuri ya nyumba.

Zipo sako nyingine zinazogawanya mkopo sawasawa na kuongeza riba juu ya salio, ili rejesho lianze juu na kushuka kila mwezi. Kwa mkopo wako lingeanza na 12,333. Jumla ya riba hupungua kidogo, lakini miezi ya mwanzo huuma zaidi. Uliza yako inatumia njia ipi kabla ya kupanga bajeti ya nyumbani.

Nije kwenye shauri la kujitoa sako, ambalo naliheshimu kuliko lile la asilimia, kwa sababu lina hoja ndani yake. Anayekupa shauri hilo anaona kwamba una 150,000 zako mwenyewe zilizofungwa huko, na kwamba katika kukopa 400,000 ni kama unalipa asilimia 12 juu ya fedha ambazo kwa sehemu ni zako, huku wewe ukipata asilimia 7. Hilo ni kweli, na mtu anayesema mkopo wa sako ni wa asilimia 12 tu bila kulitaja anakuficha jambo. Akiba ya dhamana haitoki mpaka umalize deni, na katika sako za aina yako kwa kawaida haitoki kamwe bila kujiuzulu uanachama.

Lakini tuipige hesabu yake yote. Benki ikikukopesha 250,000 kwa masharti yaleyale, riba ni 100,000 kwa miaka minne, rejesho ni 7,292 kwa mwezi, na ada na bima, zikipungua kwa uwiano huo, ni 12,750. Gharama yote ni 112,750. Yaani hata baada ya kutumia akiba yako yote na kukopa kidogo kiasi hicho, utakuwa umelipa benki zaidi kuliko vile ambavyo sako ingekutoza kwa mkopo mzima wa 400,000. Kila mwezi rejesho la sako linazidi hilo la benki kwa 3,242, ambazo kwa miezi 48 ni kama 155,600. Mwisho wa safari, kwa ajili ya hizo 155,600, unabaki na 150,000 zako salama ndani ya sako, na njiani umepokea malipo ya akiba ya kila mwaka. Yakibaki asilimia 7, ni 10,500 kwa mwaka juu ya hizo 150,000 peke yake, kabla ya kodi. Kwa hiyo hata mwaka ambao sako haitatangaza malipo mazuri, shauri la kujitoa halikuokolei chochote katika hesabu yako hii. Lingekuokolea iwapo benki ingekupa riba ya asilimia 10 juu ya salio linalopungua. Hapo ningeandika barua nyingine.

Kujitoa nako kuna mlango wake mwembamba. Sako nyingi huhitaji notisi ya siku 60 kabla ya kurudisha akiba, na kama umemdhamini mwenzako yeyote ambaye bado analipa, akiba yako haitaachiliwa mpaka apate mdhamini mwingine wa kuchukua nafasi yako au amalize deni. Hukuniambia kama umemdhamini mtu. Walimu wengi wamedhamini wawili watatu bila kukumbuka majina, kwa hiyo omba ofisini orodha ya mikopo unayoidhamini, kwa maandishi, kabla ya kufanya uamuzi wowote unaohusu akiba hiyo.

Wadhamini wanne ndilo jambo ambalo naona linakusumbua moyoni zaidi ya riba, ingawa umelitaja kwa maneno machache. Ni aibu nzito kumwendea mwenzako katika chumba cha walimu na fomu mkononi. Basi ni haki yake na yako kujua hasa anachokitia hatarini. Mkopo ni 400,000 na akiba yako ni 150,000, kwa hiyo wadhamini wanabeba 250,000 zilizobaki, kama 62,500 kila mmoja wakigawana sawa. Ukishindwa kulipa, sako kwa kawaida huchukua kwanza akiba yako, na pengo linalobaki ndilo linalokatwa kwa wadhamini. Na pengo hilo linakufa mapema kuliko mkopo, kwa sababu deni linashuka huku akiba yako inapanda kwa 4,000 kila mwezi. Baada ya rejesho la 18, deni ni kama 271,800 na akiba yako ni 222,000. Pengo limebaki chini ya 50,000 kwa watu wanne. Baada ya rejesho la 23, deni ni kama 232,000 na akiba ni 242,000. Kuanzia hapo, akiba yako mwenyewe inalifunika deni lote. Mwambie hivyo yule utakayemwomba sahihi, ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi: hatari yake ni ya chini ya miaka miwili kati ya minne, na inapungua kila mwezi. Uliza pia kama sako yako huwaachilia wadhamini wakati huo ukiomba, kwa kuwa baadhi huwaweka mpaka mwisho, na mdhamini aliyezuiwa hawezi kuitumia akiba yake kikamilifu kukopea mahitaji yake.

Hesabu hiyo ya miezi 23 ina sharti moja kubwa, kwamba makato yafike. Hati yako ya mshahara inaonyesha kwamba fedha zimekatwa. Haionyeshi kwamba zimewasilishwa. Pale ambapo mwajiri hukata na kuchelewa kupeleka, sako huhesabu kwamba mwanachama hajalipa, riba huendelea juu ya salio la zamani, na wadhamini hupigiwa simu wakati mkopaji ana hakika kwamba kila mwezi amekatwa. Dawa yake ni kuchukua taarifa ya akaunti ya sako kila baada ya miezi mitatu na kuilinganisha na hati ya mshahara, mstari kwa mstari: tarehe, rejesho, akiba na salio. Salio lisiposhuka kama nilivyokuandikia hapo juu, nenda ofisini mwezi huohuo ukiwa na hati zote mbili.

Na kwa kuwa nakushauri uache fedha zako humo, lazima niseme na upande wa usalama wake. Amana za benki nchini Kenya zina bima ya KDIC hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Bima hiyo haihusu akiba za sako. Sako zilizo chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008 husimamiwa na SASRA, ambayo hutangaza kila mwaka orodha ya zilizoruhusiwa kufanya kazi. Tafuta jina la sako yako katika orodha ya mwaka huu. Kisha, katika mkutano mkuu wa mwaka, sikiliza malalamiko ya wanachama waliojiuzulu: kama wapo wanaosubiri akiba yao mwaka mzima, au kama mikopo iliyoidhinishwa na kamati inakaa miezi bila kulipwa, sako hiyo imeishiwa na fedha taslimu, na ushauri wangu wote wa juu unabadilika. Hapo ningekuambia ulipe benki gharama yake ya juu kuliko kuongeza akiba mahali pasipotoa.

Kuna swali moja ninalotaka uiulize benki hata kama umekwisha kuamua kuiacha, kwa sababu jibu lake litakufaa siku nyingine: nikitaka kumaliza deni baada ya miezi 24, nitadaiwa kiasi gani? Sako itakujibu kama 223,800, kwa kuwa riba ya miezi ambayo haijafika haijakuwa deni. Kwa mkopo uliopigwa riba yote tangu mwanzo, jibu linaweza kuwa 280,000, yaani marejesho yote 24 yaliyobaki, au 200,000, iwapo watakuondolea riba ya miezi ya mbele, pamoja na faini ya kumaliza mapema ikiwapo. Majibu hayo mawili yametofautiana kwa 80,000, na mhudumu wa dirishani mara nyingi hataji lolote mpaka aulizwe. Omba ratiba ya marejesho iliyochapishwa, inayoonyesha riba na deni kwa kila mwezi. Safu ya riba ikiwa na tarakimu ileile kutoka juu hadi chini, umeshajua una mkopo wa aina gani.

Benki ina mambo yake mawili ya kweli. Haikuwekei mpaka wa mara tatu ya akiba, kwa hiyo ungekuwa unahitaji 700,000, sako isingekufaa. Kwa akiba yako mwisho wako ni 450,000. La pili ni zile siku tatu, na hapa najua masika hayamngoji mtu. Kuta zilizofika linta zikilowa wiki kadhaa bila paa, udongo wa ndani hutitia na mbao za fundi huoza zikiwa zimelala chini. Lakini sikubali kwamba wiki nne hizo ni lazima zikupeleke benki.

Sako nyingi zina mkopo wa dharura, mdogo, wa miezi 12, unaoidhinishwa na ofisi kwa siku chache bila kungoja kikao cha kamati ya mikopo. Uliza kama yako inakubali ujenzi au inautenga kwa ugonjwa na msiba tu, na kama mkopo huo unahesabiwa ndani ya ule mpaka wa 450,000. Ukiruhusiwa, omba 50,000 za dharura leo kwa ajili ya mbao na mabati ya chumba cha kwanza, na uombe mkopo wa kawaida wa 350,000, si 400,000, ili jumla ya deni isizidi ulichokusudia. Kwa riba ileile ya asilimia 1, rejesho la dharura ni kama 4,442 na la mkopo wa kawaida ni kama 9,217, jumla 13,659 kwa miezi 12 ya kwanza, kisha 9,217 peke yake. Wadhamini nao watabeba kiasi kilekile mwanzoni, lakini kitashuka kwa haraka zaidi mwaka wa kwanza.

Pima hilo na sheria ya theluthi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hakiruhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara, na kwa watumishi wa umma theluthi inayobaki hupimwa kwa mshahara wa msingi, ambayo kwako ni 15,000. Kutoka 40,000 zako, ukiondoa 13,659, unabaki na 26,341. Umevuka kwa nafasi ya kutosha, na mwajiri hatakuwa na sababu ya kukataa kupitisha makato. Usiijaze nafasi hiyo. Mwaka wa pili, dharura ikiisha na rejesho likishuka, ofisi itakukaribisha kuongeza mkopo juu ya mkopo, na deni la zamani litafutwa kutoka katika mpya: utaambiwa umepata 450,000 wakati zilizokufikia ni zile zilizobaki baada ya kulipa salio, na wadhamini wako, waliobakiza miezi michache tu wawe huru, wataanza upya.

Fomu ya dharura ijaze wiki hii. Ya mkopo wa kawaida nayo ipeleke siku hiyohiyo, ikiwa na sahihi nne na nakala za hati za mshahara za miezi mitatu, na uulize tarehe ya kikao cha kamati kabla hujatoka ofisini, kwa sababu fomu iliyochelewa siku moja husubiri kikao cha mwezi unaofuata.